STDEV.S au STDEV.P kwa vipimo vitano vya nitreti? Naombeni ushauri

Mpimaji_Maji
Wakuu habari. Tuna chupa moja ya maji, tumepima nitreti mara tano kwa njia ileile, kifaa kilekile, siku moja. Majibu kwa mg/L ni 10.2, 10.5, 10.1, 10.4 na 10.3. Nimetumia STDEV.S kwenye Excel nikapata mkengeuko sanifu wa 0.158. Mwenzangu kaingiza namba hizohizo kwenye Python, `np.std`, ambayo ni sawa na STDEV.P ya Excel, kapata 0.141. Anashikilia kwamba yake ndiyo sahihi: vipimo vyote vitano vimeingia, hakuna kilichoachwa, kwa hiyo hilo ni kundi zima. Niandike ipi kwenye ripoti? Na inakuwaje data moja itoe majibu mawili?

Kipeuo
Andika 0.158.

Hesabu kwanza. Wastani ni 10.3. Tofauti za kila kipimo na wastani ni -0.1, 0.2, -0.2, 0.1 na 0. Ukizipandisha kipeo cha pili na kujumlisha unapata 0.10. Hadi hapo programu zote mbili zinakubaliana. Excel ikagawa kwa 4, variansi ikawa 0.025, Python ikagawa kwa 5, ikawa 0.020. Vipeuo vyake vya pili ndiyo hizo 0.158 na 0.141 mnazogombania.

Sasa hoja ya mwenzako. Kinachoamua ni jambo ambalo ripoti inataka kulisema, hata kama namba zote mlizonazo zimeingia. Anayeisoma anataka kujua kipimo hiki kikirudiwa kitayumba kiasi gani. Vipimo ambavyo vingeweza kufanywa kwa njia hiyo havina idadi. Ninyi mmechukua vitano tu. Hivyo vitano ni sampuli.

Kwa nini 4? Kwa sababu ule wastani wa 10.3 umetoka kwenye namba hizohizo, kwa hiyo umekaa katikati yao kabisa. Tuseme nitreti ya kweli ni 10.2. Pima tofauti kutoka hapo: 0, 0.3, -0.1, 0.2, 0.1. Jumla ya miraba inakuwa 0.15. Jaribu namba nyingine yoyote, hutapata jumla iliyo chini ya ile 0.10 ya wastani wenu. Maana yake, ukipima kutoka kwenye wastani wa data yenyewe, mtawanyiko unaonekana mdogo kuliko ulivyo, na kugawa kwa 4 badala ya 5 kunafidia upungufu huo.

Kwa Python, aongeze neno moja:

```python
import numpy as np
x = [10.2, 10.5, 10.1, 10.4, 10.3]
np.std(x)          # 0.141
np.std(x, ddof=1)  # 0.158
```

Awe mwangalifu na pandas: `.std()` ya pandas tayari inagawa kwa n-1 bila kuambiwa. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine katikati ya kazi ndiko kunakovuruga watu.

FundiMizani
Nakubaliana na Kipeuo, ila kuna hali moja ya kutumia STDEV.P. Kama maji hayo ni ya rejea, yana cheti kinachosema 10.2, basi thamani ya kweli unaijua. Hukuikadiria kutoka kwenye data, kwa hiyo unagawa kwa 5.

Kipeuo
Kugawa kwa 5 ni sawa hapo, mkuu, ila STDEV.P haikusaidii. Yenyewe haikijui cheti chako. Inakokotoa wastani wa data, 10.3, na kupimia kutoka hapo, kwa hiyo bado itakupa 0.141. Unachokieleza inabidi ukiandike mwenyewe:

```
=SQRT(SUMPRODUCT((A1:A5-10.2)^2)/5)
```

Jibu ni 0.173. Lakini humo ndani mmechanganyika mambo mawili: kuyumba kwa vipimo, na ile 0.1 ambayo wastani umepanda juu ya cheti. Kwenye ripoti ningeyatenganisha: mwegemeo 0.1, mkengeuko sanifu 0.158. Atakayesoma atajua tatizo liko kwenye usanifishaji wa kifaa au kwenye kurudia kipimo.

ZawadiLab
Samahani naingilia. Mimi napima kila chupa mara mbili, chupa nne. Nimeweka namba zote nane kwenye STDEV.S nikapata zaidi ya 6, wakati kila jozi inakaribiana sana. Ina maana nibadili nitumie STDEV.P?

Bi_Takwimu
Hapana dada, kubadili fomula hakutakusaidia. Chupa zako zina maji tofauti, na ile 6 inaeleza tofauti kati ya chupa na chupa. Kipimo chako hakijaonekana humo.

Chukua tofauti ndani ya kila jozi. Tuseme ni 0.2, 0.1, 0.3 na 0.2. Miraba yake inajumlika kuwa 0.18. Gawa kwa mara mbili ya idadi ya jozi, yaani 8, upate 0.0225, kisha kipeuo cha pili: 0.15. Huo ndio mkengeuko wa kurudia kipimo. Hiyo 8 isikudanganye kwamba umegawa kwa idadi yote ya vipimo kama STDEV.P. Kila jozi peke yake ina variansi ya mraba wa tofauti gawa kwa 2, na hapo n-1 ni 1. Ulichofanya ni wastani wa variansi nne. Usichukue wastani wa mikengeuko minne, utapata pungufu. Na njia hii inafaa tu kama chupa zote ziko kwenye viwango vinavyokaribiana, kwa sababu kwenye viwango vya juu vipimo huyumba zaidi.

Nukta_Tatu
Hata hiyo 0.158 bado ni ndogo. Kugawa kwa n-1 kunanyoosha variansi, hakunyooshi kipeuo chake. Kwa vipimo vitano inabidi ugawe tena kwa 0.940, upate 0.168. Wanaochora chati za udhibiti wanafanya hivyo kila siku.

Bi_Takwimu
Hesabu yako ni sahihi, ila kwenye ripoti ya kipimo siungi mkono. Kwa vipimo vitano, masafa ya uhakika wa 95% ya mkengeuko huu yanaanzia 0.095 hadi 0.454. Kuisogeza 0.158 kwenda 0.168 ndani ya upana huo kunaleta sura ya usahihi ambao haupo. Afadhali aandike n = 5 pembeni, au arudie kipimo mara nyingi zaidi.

Nukta_Tatu
Upana huo hauondoi ukweli kwamba jibu linaegemea chini kwa wastani. Ukikusanya ripoti nyingi za vipimo vitano vitano, kosa linaelekea upande mmoja. Hapo tutabaki tofauti.

Mpimaji_Maji
Asanteni sana. Tumeweka `ddof=1`, sasa tunalingana. Ila kuna ripoti za nyuma zilizotoka kwenye ile Python. Turudie kuingiza data yote?

Kipeuo
Si lazima, mradi n imeandikwa. Zidisha mkengeuko wa zamani kwa kipeuo cha pili cha n/(n-1). Kwa vipimo vitano ni 1.118, kwa vitatu 1.225, kwa ishirini 1.026. Ukiwa na 0.141 iliyokatwa desimali utapata 0.1576, inatosha. Kwanza hakikisha kila ripoti ilitoka wapi: zilizofanywa kwa `STDEV` ya zamani ya Excel zimeshagawiwa kwa n-1, usiziguse, `STDEVP` ndiyo ya kurekebisha. Na kama mipaka ya kukubali au kukataa kipimo iliwekwa kwa mikengeuko hiyo, ikokotoe upya, kwa sababu ilikuwa imebana kuliko inavyostahili na huenda mmekataa vipimo vizuri.