Juisi ya boksi na biskuti, au yai na viazi lishe? Mtoto wa miezi 18, shilingi 1,500 kwa siku, hakuna friji

MamaShani_Mbagala
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi 18, namwacha na bibi yake (mama mkwe) kuanzia alfajiri mpaka saa kumi na moja jioni. Milo mikubwa bibi anaiweza: uji, wali maharage, ugali na samaki. Kinachonisumbua ni cha katikati, saa nne na saa kumi. Mpaka sasa naacha boksi moja ya juisi ya mililita 200, shilingi 700, na pakiti ya biskuti 500. Zinazobaki zinaishia kwenye pipi na barafu za dukani.

Kliniki wameniambia mstari wa uzito kwenye kadi umelala miezi miwili mfululizo. Mtoto hajaumwa, anacheza, ila mchana anakula vijiko vitatu anageuza uso.

Nalinganisha mambo mawili. La kwanza ni kubaki na juisi lakini niongeze maji, na biskuti nibadilishe niweke andazi la nyumbani. La pili ni kuhamia vitu vya gengeni ambavyo atashika mwenyewe: yai, ndizi, viazi, parachichi. Naogopa kukabwa, na naogopa vitu kuchacha maana hatuna friji. Mliopita huku mnifungue macho.

BabaMapacha
Dada, tatizo si juisi, tatizo ni ya boksi. Nunua blenda, kamua machungwa nyumbani, sukari usiweke. Wangu wamekua hivyo. Na ile ya kuongeza maji ni wazo zuri, sukari inapungua nusu. Karoti mbichi pia wakatie vijiti watafune.

NesiMstaafu
Mama Shani, pole na hongera kwa kuuliza mapema. Nimekaa kliniki ya mtoto miaka mingi, na mstari ukilala kwa mtoto asiyeumwa, swali langu la kwanza huwa: anakunywa nini kabla ya kula?

Geuza hilo boksi usome nyuma. Nyingi zinaandika gramu 10 mpaka 12 za sukari kwa kila mililita 100. Tuchukue 11. Boksi lako la 200 lina gramu 22, na kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Yaani ni vijiko vitano na nusu. Ungemwona bibi anamimina vijiko hivyo kwenye kikombe cha mtoto ungepiga kelele, lakini kwenye boksi lenye picha ya embe hatuoni kitu. Tumbo la mtoto wa umri huu ni dogo. Sukari hiyo ikiingia saa nne, saa saba njaa hana. Anageuza uso kwa sababu ameshashiba, na alichoshibia hakina protini wala madini ya chuma.

Baba Mapacha, hesabu ya maji inadanganya kidogo. Ukiongeza maji mililita 200 kwenye boksi la 200 na mtoto akamaliza zote, amekunywa gramu zilezile 22, tena tumbo limejaa zaidi. Maji yanasaidia pale tu unapompa nusu boksi na nusu nyingine akanywa mtu mzima. Hiyo naikubali kama njia ya kumwachisha, siku nne au tano, kisha maji matupu.

Ya nyumbani ni afadhali kwa usafi na haina rangi, lakini kujaza kikombe kimoja kunameza machungwa matatu. Mpe chungwa lenyewe uone kama atamaliza matatu. Atakula vipande vichache, toa mbegu na ngozi ngumu, na ameshapata alichohitaji. Shirika la Afya Duniani halitaki vinywaji vya sukari kabisa chini ya miaka miwili, na hata juisi halisi linasema ipunguzwe.

Karoti mbichi usimpe. Inakatika kipande kigumu cha duara kinachoziba koo. Ichemshe mpaka ilainike.

BabaMapacha
Sawa nesi, hapo kwenye maji nimeelewa. Ila machungwa yangu sijaona ubaya wake, watoto wazima kabisa.

Mswahili_wa_Likoni
Kwetu Mombasa hatari kubwa si juisi, ni mabuyu. Dada yangu alimpa mtoto wa miaka miwili mabuyu yale mekundu, anyonye tu. Mbegu ikateleza. Mtoto kawa kimya, sauti haitoki, midomo inageuka rangi. Shangazi katia kidole mdomoni, kaisukuma ndani zaidi! Jirani mmoja ndiye aliyemwinamisha kifudifudi kwenye paja lake akampiga mgongoni mpaka mbegu ikaruka. Tangu siku hiyo mabuyu, njugu na bisi kwetu hazikai alipo mtoto. Nesi, lile la kupiga mgongo ndilo sawa?

NesiMstaafu
Ndilo. Kwa aliyepita mwaka mmoja, mwinamishe mbele, mapigo matano ya kiganja katikati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta kwa ndani na juu mara tano, kisha rudia, na mtu mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Kidole usitie kama huoni kitu. Na akiwa anakohoa kwa sauti, mwache akohoe, hewa inapita.

Mama Shani, kipimo changu cha chakula cha mkononi ni hiki: kibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka kwa urahisi, mpe. Kisipopondeka, kipike zaidi au acha. Na akae chini anapokula, asikimbie nacho uani.

MuuzaGenge
Mimi nauza genge Temeke, niwape bei ya huku leo. Yai moja 500. Viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani, fungu la viazi vinne 1,000. Ndizi mbivu 200. Parachichi dogo 500, msimu ukifika linashuka. Dagaa wa Mwanza wa 1,000 kwa mtoto mmoja unakwenda siku kumi kama unasaga. Watu wanapita hapa wanaacha viazi lishe wakidhani ni dawa, wanakwenda dukani kununua biskuti. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa hivyo.

Ukinunua viazi lishe, kata kimoja kidogo pembeni uone. Ngozi inaweza kufanana na ya kawaida. Rangi ya ndani ndiyo unayoifuata.

Mama_wa_Wanne
Lishe nzuri ila hakikisha ina nafaka zote: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, na dagaa humohumo. Mimi nasaga kilo tano kwa mpigo, inakaa miezi mitatu. Wangu wote wamekula.

MuuzaGenge
Mama, ni *viazi* lishe, si unga wa lishe 😀

NesiMstaafu
Lakini umeleta jambo. Unga wa kukaa miezi mitatu wenye karanga na mahindi mimi siupendi. Karanga iliyoota ukungu ikishasagwa huijui tena, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Karanga ninunue nzima, nichambue zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu, nikaange na kusaga kidogo kidogo. Kwa mtoto paka nyembamba juu ya kiazi, siku ya kwanza kiasi cha ncha ya kijiko uone kama haimdhuru. Nzima, kamwe.

Mama_wa_Wanne
Wanne wote wazima nesi. Ila nitapunguza kiasi.

NesiMstaafu
Sasa Mama Shani, kwa 1,500 zako ningefanya hivi. Alfajiri unapochemsha chai, chemsha viazi lishe viwili na maganda yake. Dagaa uwe umeshawaandaa Jumapili: toa vichwa, osha maji ya moto mara tatu mpaka mchanga uishe, kausha, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, saga kwenye kinu, chekecha, weka kwenye chupa kavu. Ponda viazi, tia vijiko viwili vya chai vya unga wa dagaa na yai moja. Chumvi usiweke. Tengeneza vidonge bapa, vipike kwenye kikaangio kwa mafuta kidogo, geuza mpaka yai liive katikati. Mafuta hayo si ya ladha tu. Ile vitamini A ya kiazi lishe inafyonzwa vizuri pakiwa na mafuta.

Viazi 500, yai 500, dagaa 100. Mtoto atakula vitatu au vinne, vingine ni kifungua kinywa chako na bibi.

Hivyo ni vya saa nne, na vifunikwe. Visisubiri saa kumi, joto la Dar halina huruma na yai. Cha saa kumi kiwe kitu kinachokuja na ganda lake: ndizi, au parachichi linalokatwa wakati huohuo. Ndizi 200. Jumla 1,300. Andazi silipigi vita, ila ni ngano, sukari na mafuta, halimpi anachokosa. Liwe la Ijumaa.

Kingine, usimpe chai pamoja na chakula, hata ya maziwa. Chai inazuia madini ya chuma. Na kama mwezi ujao mstari bado umelala, usibaki na sisi humu, rudi apimwe damu na minyoo.

MamaShani_Mbagala
Nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Vidonge vya dagaa anakula, siku ya kwanza alitupa chini, ya tatu akadai kingine. Yai la kuchemsha peke yake anatema, kiini kinamkwama ulimini. Nikilikaanga kama chapati na kulikata mikanda anakula. Mchana sasa anafika nusu sahani.

Shida ni juzi nimerudi mapema, nikakuta boksi mbili tupu nyuma ya mlango wa jiko. Bibi ananunua kwa hela yake. Nilipouliza akasema, "Mjukuu wangu analia, mimi nimnyime kwa sababu ya kadi?" Sikujibu. Ni mama mkwe, na ndiye anayenilelea bure.

Mswahili_wa_Likoni
Mwambie daktari kakataza. Kwetu hilo ndilo linalofanya kazi.

BabaMapacha
Usimsingizie daktari, siku atakapoambatana nawe kliniki utaumbuka. Mume ndiye aongee na mama yake.

NesiMstaafu
Mimi ningemwomba bibi mwenyewe ampeleke kliniki mwezi huu. Akasimame kando ya mizani mtoto akipimwa, aoneshwe kadi. Wengine hilo liliwageuza, na wengine walirudi nyumbani wakanunua juisi njiani, siwezi kukuahidi. Kwa sasa mwombe tu boksi isitoke kabla ya chakula cha mchana.

MamaShani_Mbagala
Kliniki ni tarehe 14. Nitamwomba twende wote, na mume nimeshamtumia ujumbe asome uzi huu. Ameweka tiki mbili tu, hajajibu.