Tiketi ya Kerberos ikivunjwa, alaumiwe Microsoft au sisi wenye seva?

Mkaguzi wa Upper Hill: Wakuu, Septemba 2025 seneta wa Marekani Ron Wyden aliitaka tume ya biashara ya nchi yake iichunguze Microsoft, hasa kwa kuacha RC4, ufungaji wa siri wa zamani na dhaifu, iendelee kukubaliwa kwenye Active Directory, mfumo wake wa kusimamia akaunti za ofisi. Alitaja uvamizi wa 2024 katika hospitali za Ascension, uliopitia Kerberoasting, yaani kuchukua tiketi za Kerberos, zile za kuingilia huduma za ofisi, na kuzivunja ili kupata nywila. Mimi hukagua sacco hapa Nairobi na RC4 naikuta kila mara. Kosa ni la mtengenezaji, au ni letu tunaoweka nywila za kitoto? Na hapa kwetu sheria imbane nani?

Fundi wa Ngara: Mtengenezaji, bila kupepesa macho. Ukinunua gari, breki unazikuta zimefungwa. Dawa yenyewe ni rahisi: zima RC4 leo, kisha weka akaunti ijifunge mtu akikosea nywila mara tano. Hapo mwizi atakwama.

Mzee wa Seva: Fundi, hilo la mara tano halimgusi kabisa. Mwizi hajaribu nywila kwenye seva yako. Anaingia kwa akaunti yoyote ya kawaida, hata ya karani wa mapokezi aliyebofya kiungo kibaya, halafu anaomba tiketi ya huduma, tuseme ya SQL. Domeni inampa bila kuuliza kama ana ruhusa ya kuitumia huduma hiyo, kwa sababu kukagua ruhusa ni kazi ya huduma yenyewe. Sehemu ya tiketi imefungwa kwa ufunguo unaotokana na nywila ya akaunti ya huduma. Anaondoka nayo na kuibunia nywila kwenye mashine yake, huko Kasarani au ng'ambo, mabilioni ya mara. Seva yako haitaona hata kosa moja.

Hapo ndipo RC4 inapouma. Ufunguo wake ni hashi ya nywila iliyopigwa mara moja tu, bila chumvi, yaani nyongeza inayotofautisha nywila zinazofanana. AES huchanganya chumvi na kurudia hesabu mara 4,096 kwa kila nywila inayojaribiwa, kwa hiyo mwizi anapunguziwa kasi sana. Lakini kasi ndogo haiokoi nywila kama `Sacco2019!`, ambayo itakuwa kwenye orodha yake ya mwanzo. Na nywila ya herufi 30 za kubahatisha haivunjiki hata kwa RC4. Kwa hiyo mimi nasema lawama kubwa ni yetu.

Karani wa Industrial Area: Samahani wazee, yaani mnataka tubadilishe nywila kila mwezi tena? Hapa ofisini watu wameshaanza kuziandika chini ya kibodi.

Mzee wa Seva: Hapana mama, si zenu. Tunazungumzia akaunti ambazo hakuna mtu anayeziingia kwa mkono, zile zinazoendesha mifumo usiku na mchana. Ila hizo karatasi za chini ya kibodi ziondoeni, maana ndizo zinampa mwizi ile akaunti ya kawaida ya kuanzia.

Binti wa Eastleigh: Mimi nina kisa cha kumjibu Fundi. Sacco niliyofanyia kazi ilikuwa na akaunti ya huduma ambayo nywila yake iliwekwa 2009, domeni ikiwa bado ya kiwango cha 2003. Aliyesimika mfumo aliiingiza pia kwenye Domain Admins, kundi lenye mamlaka yote, ili asisumbuliwe na ruhusa. Kwa hiyo tiketi moja ikivunjwa, ofisi yote imekwenda.

Nikasoma mahali kwamba RC4 ni mbaya, nikaiwekea akaunti ile AES peke yake. Baada ya dakika chache simu zikaanza. Logi ilionyesha `KDC_ERR_ETYPE_NOTSUPP`. Funguo za AES hutengenezwa nywila inapowekwa, na yetu haikuwa imeguswa tangu domeni ipandishwe, kwa hiyo funguo hizo hazikuwepo. Nikabadilisha nywila kwenye domeni, nikadhani nimemaliza. Sasa ikawa kioja: wahudumu walioingia asubuhi waliendelea kufanya kazi kwa tiketi zao za zamani, waliotoka chakula cha mchana wakawasha upya mashine walipata `Cannot generate SSPI context`. Huduma yenyewe ilikuwa bado inashikilia nywila ya zamani. Ilibidi niiandike mpya kwenye seva ya SQL na kuiwasha upya saa nane mchana, foleni ya wanachama imefika mlangoni.

Hapo niambie, Fundi, "zima leo" ni ushauri gani?

Fundi wa Ngara: Nimekubali kwamba unaanza na nywila. Lakini kisa chako kinanisaidia mimi! Miaka yote hiyo mfumo haukukwambia kitu. Microsoft yenyewe imetangaza kwamba katikati ya 2026 domeni hazitatoa tena tiketi za RC4 usipoiruhusu mwenyewe. Kama inawezekana sasa, iliwezekana zamani.

Mzee wa Seva: Hapo sina ubishi mkubwa. Mpangilio wa kiwandani ndio sera ya ofisi ndogo, kwa sababu hakuna anayeugusa. Ila hakuna mpangilio wa kiwandani uliomwambia yule msimikaji aipe akaunti Domain Admins.

Mkaguzi, ukifika kwa mteja anza na hii:

```powershell
Get-ADUser -Filter 'ServicePrincipalName -like "*"' `
  -Properties PasswordLastSet,MemberOf,msDS-SupportedEncryptionTypes
```

Tazama kwanza tarehe ya nywila na makundi, aina ya ufungaji baadaye. Akaunti ya zamani yenye mamlaka makubwa ndiyo ya kwanza: itoe kwenye kundi, uipe ruhusa inazohitaji tu. Kisha uliza kama programu inakubali gMSA, aina ya akaunti ya huduma ambayo domeni yenyewe huitungia nywila ndefu na kuibadilisha kila siku 30. SQL za karibuni zinakubali. Mifumo mingi ya mikopo yenye nywila iliyoandikwa kwenye faili haikubali, basi hiyo ipe herufi 30 za kubahatisha na ubadilishe pande zote mbili usiku, kama alivyojifunza Binti kwa uchungu.

Binti wa Eastleigh: Na kabla ya kuzima RC4, soma tukio la 4769, la kila tiketi ya huduma inayoombwa, kwa wiki kadhaa. Tiketi yenye aina `0x17` ni RC4, kwa hiyo utajua nani bado anaitegemea. Mashine ya mapokezi ikiomba tiketi za huduma nyingi kwa dakika moja, si mapokezi hayo. Lakini mwizi mtulivu huomba moja tu, tena ya AES, akachanganyika na wengine. Kwa huyo mimi huweka akaunti ya mtego: ina SPN, jina la huduma linaloiwezesha kuombewa tiketi, ina nywila ndefu, haitumiki na huduma yoyote. Tiketi yake ikiombwa hata mara moja, nampigia simu bosi.

Mkaguzi wa Upper Hill: Na sheria je? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data aweke kinga zinazofaa, na uvujaji uripotiwe kwa Kamishna ndani ya saa 72. Anayebanwa ni sacco. Aliyesimika mfumo na kuondoka na pesa zake simwoni.

Fundi wa Ngara: Ndiyo maana nasema sheria imechagua mnyonge.

Mzee wa Seva: Sacco ilitia saini mkataba. Iandike humo kwamba akaunti ya huduma haiingii Domain Admins, na kazi isilipwe mpaka orodha ile ionyeshwe.

Fundi wa Ngara: Mzee, sacco ya wanachama mia tatu itamwamrisha nani?

Mkaguzi wa Upper Hill: Nimeijaribu amri kwa mteja sasa hivi. Akaunti kumi na moja, mojawapo `krbtgt`, ile ya domeni yenyewe. Nayo niibadilishe usiku huu pamoja na zingine?

Mzee wa Seva: Hiyo iache! Ina SPN ndiyo maana imeonekana, lakini nywila yake domeni imeitunga yenyewe, haivunjwi kwa njia hii. Kuibadilisha kuna utaratibu wake. Shughulika na zile kumi. Ngapi ziko Domain Admins?

Mkaguzi wa Upper Hill: Nne.