Maikrotiching ya dakika 10: utangulizi unakula muda, hitimisho linakatwa. Tufanyeje mazoezi?

Mwanachuo_Hesabu
Habari za saa hizi wakuu, walimu shikamooni. Naomba ushauri, tupo kundi la watu watano tunajiandaa na maikrotiching, kila mtu atafundisha dakika 10 mbele ya wenzake na mkufunzi anajaza fomu. Somo langu ni kulinganisha sehemu, yaani ⅓ na ¼ ipi kubwa. Shida ni kwamba tukifanya mazoezi karibu wote utangulizi unaenda mpaka dakika ya nne, salamu, marejeo ya kipindi kilichopita, maswali, halafu katikati tunakimbia na mwisho mtu anasema "haya muda umeisha" anakaa. Mkufunzi katuambia tufanyie mazoezi mwanzo na mwisho tu kabla ya kuunganisha somo zima ila hajasema tunafanyaje. Simu ya kurekodia ipo, ubao upo, darasa tunalipata jioni mbili kabla ya siku yenyewe, kila jioni kwa muda wa saa moja na nusu. Nani anaweza kunipa mpango wa kueleweka?

Kaka_Chaki
Utangulizi lazima uchangamshe watoto mdogo wangu, anza na wimbo au kahadithi, wakishakaa sawa ndo unaingia. Mwisho uliza "mmeelewa?" wakisema ndiyo funga. Usijitese na mambo mengi, dakika 10 ni chache.

Bi_Mkufunzi
Marahaba Mwanachuo. Kaka Chaki yuko sawa kwenye kukamata akili za watoto mapema, ila wimbo usiohusiana na sehemu unawachangamsha halafu inabidi uanze upya kuwapeleka kwenye somo, hapo ndo dakika zinapopotelea. Na "mmeelewa?" kila darasa litaitikia ndiyo, hata aliyekuwa anachora kwenye daftari ataitikia.

Anza kupanga kutokea mwisho. Hitimisho lipe dakika 2, kwaiyo ikifika dakika ya 8 unaacha ulichokuwa unafanya hata kama mfano haujaisha. Utangulizi dakika 1 na nusu. Katikati zinabaki 6 na nusu, na kwa ⅓ na ¼ zinatosha kabisa usipoanza kuingiza vingine. Halafu andika neno kwa neno sentensi yako ya kwanza na swali lako la mwisho. Katikati unaweza kubuni papo hapo, ila hizo mbili hapana, ndo sehemu ambazo mtu akiwa na wasiwasi anazungukazunguka.

Kuhusu mazoezi, mtindo wenyewe tangu ulipoanza pale Stanford mwaka 1963 ni kufundisha kidogo, kurekebishwa, kisha kufundisha tena kilekile. Wengi mnafanya nusu ya kwanza, mnaambiana "umejitahidi" mnaondoka. Kuna mgawanyo unaotumika sana, dakika 6 kufundisha, 6 maoni, 12 kupanga upya, 6 kufundisha tena, 6 maoni tena, jumla 36 kwa mtu mmoja. Nyie watano hamna saa tatu, kwaiyo fanyeni ncha mbili peke yake. Mtu anatoa utangulizi wake, halafu anasema "tuseme katikati imeisha", ubaoni kishaandika tangu mapema kile ambacho kingekuwepo dakika ya 8, anaenda moja kwa moja kwenye hitimisho. Hiyo ni dakika 4 ukihesabu na kuhama. Maoni dakika 4. Watu watano ni dakika 40, mnapumzika 10 kila mtu anaandika upya mistari yake, mnarudia kwa mpangilio uleule 40 nyingine. Saa moja na nusu yako hiyo imeisha. Jioni ya pili ndo somo zima, dakika 10 na maoni 5 kwa kila mtu.

Mama_Wawili
Mi darasa langu lina watoto wengi na kipindi cha mwisho wanakuwa na njaa na kelele, utangulizi wa dakika moja na nusu hauwezekani, kuwanyamazisha tu ni dakika tatu. Au mnaongelea nini hapa?

Bi_Mkufunzi
Mama Wawili dada yangu, huyu anafundisha wenzake wanne waliokaa kimya, ni mazoezi. Ila umenikumbusha jambo. Hao wenzake ni wazuri mno. Wote wanajua ⅓ ni kubwa, kila swali wanajibu sawa, kwaiyo hitimisho linapita bila kujaribiwa. Mwanachuo, kabla ya kuanza gawa vikaratasi. Mmoja anaambiwa "wewe unaamini ¼ ni kubwa kwa sababu 4 inazidi 3, na usibadilike mpaka uonyeshwe", mwingine "unajibu sawa lakini hujui sababu", wa tatu anakuwa wa kawaida, wa nne anashika simu na saa. Anayefundisha hajui nani kapewa nini.

Mwanachuo_Hesabu
Asante sana mwalimu, ya vikaratasi sikuwahi kuifikiria. Nimeandika hivi, naomba mnisahihishe.

Utangulizi: "Habari zenu wanafunzi. Kipindi kilichopita tulijifunza maana ya sehemu, nani anakumbuka kiasi ni nini na asili ni nini? Vizuri. Leo tutajifunza kulinganisha sehemu, na mwisho wa kipindi mtaweza kulinganisha sehemu zenye kiasi 1." Halafu naonyesha karatasi mbili, moja nimeikunja mafungu matatu nyingine manne.

Hitimisho: "Kwaiyo leo tumejifunza kwamba asili ikiwa kubwa sehemu inakuwa ndogo. Kuna mwenye swali? Hakuna. Asanteni."

Bi_Mkufunzi
Ni safi kwenye andalio la somo, ila mbele ya watoto ona kinachotokea. Swali la kiasi na asili ni la kukumbuka majina, na kulinganisha karatasi hakuhitaji hayo majina. Akikosa mmoja utaanza kufundisha kipindi cha jana, dakika mbili zimeondoka. Halafu ukishaonyesha karatasi zimekunjwa jibu wameliona kwa macho, hakuna tena cha kutafuta.

Jaribu hivi. Karatasi mbili zenye urefu sawa, hazijakunjwa, unazipandanisha waone zinalingana. Ubaoni unaandika ⅓ na ¼. "Hii nitaigawa mafungu matatu yaliyo sawa, hii manne. Unaruhusiwa kuchukua fungu moja tu na unataka kubwa. Utachukua la karatasi ipi?" Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo moja mpaka tatu, usiongeze neno. Kisha wanyooshe mikono, andika idadi chini ya kila sehemu, tuseme ⅓ wawili, ¼ mmoja. Usiseme nani kapata. "Haya, tukunje tuone." Umeingia katikati, na saa haijafika dakika 1 na nusu.

Hizo idadi usizifute. Dakika ya 8 unazirudia. "Mwanzoni mmoja wenu alichagua ¼. Unabaki hapohapo au unahama? Tuambie kwa nini." Mwanafunzi ndo anasema kanuni, sio wewe. Halafu swali jipya ambalo hamjalifanya, ⅕ na ⅛, kila mtu anaandika kwake kubwa ni ipi na anachora kuonyesha sababu, ananyanyua karatasi. Unaangalia karatasi, unajua nani amebaki nyuma. Basi, umefunga.

Ubao_Mweusi
Naongeza kidogo hapo kwenye ⅕ na ⅛. Mtoto anaweza kushika tu kwamba "namba kubwa chini maana yake ndogo" akapata bila kuelewa chochote, na kesho ukimpa ⅔ na ¾ atasema ⅔ kwa kanuni hiyohiyo wakati ¾ ndo kubwa. Kwaiyo mchoro usiuache hata muda ukibana. Na akichora mistari miwili yenye urefu tofauti halafu akakulinganishia vipande, ujue hajaelewa hata kama jibu lake limeangukia sawa.

Kaka_Chaki
Sawa nimewaelewa ila mbona hamsemi kitu kuhusu lengo la somo? Kwetu tulifundishwa lengo linatajwa mwanzo kabisa, mwanafunzi ajue anaenda wapi. Kwa huo mtindo wa Bi Mkufunzi lengo halijatajwa popote.

Ubao_Mweusi
Ukitaja "leo mtajua asili kubwa sehemu ndogo" umeua swali la kura, hakuna atakayechagua ¼. Litajwe kwa juujuu, "leo tunatafuta njia ya kujua sehemu ipi kubwa", inatosha.

Bi_Mkufunzi
Hapo sibishani na Kaka Chaki sana, wapo wakufunzi wanaolitaka liandikwe ubaoni kabla ya neno lolote, wapo wanaoona linaharibu. Mi nalipenda baada ya kura. Angalia fomu yenu inasemaje.

Kuhusu simu, msiangalie video yote mkitoa maoni kwenye kila kitu, dakika 4 hazitoshi. Raundi ya kwanza angalieni mambo mawili tu. Utangulizini, imepita muda gani kabla mwanafunzi yeyote hajafanya kitu, kunyoosha mkono, kuandika, kuongea. Ikizidi sekunde 40 kuna maneno ya kupunguza, na mara nyingi ni salamu ndefu au sentensi moja iliyosemwa mara tatu kwa maneno tofauti. Hitimishoni, nani ameongea zaidi. Kama ni mwalimu mwanzo mwisho, basi alichofanya ni muhtasari, hajajua nani ameelewa. Mwenye simu aseme alichoona na saa yake, "umeuliza swali ukalijibu mwenyewe baada ya sekunde moja", sio "ulikuwa mzuri ila jiamini".

Mwanachuo_Hesabu
Nimeelewa vizuri sana. La mwisho, tukiunganisha somo zima na mtu akajikuta yuko dakika ya 9 bado yuko katikati, anakata nini? Maana huyo wa kikaratasi asiyebadilika anaweza kunishika hapo kwenye kukunja mpaka muda uishe.

Bi_Mkufunzi
Acha kurudi kwenye kura, nenda moja kwa moja ⅕ na ⅛, sekunde 40 za kuandika na kuchora, wananyanyua, unaangalia. Huyo asiyebadilika usimshawishi kwa maneno, mpe karatasi mbili azikunje mwenyewe wakati wengine wanaendelea. Akibaki vilevile, mtaje kwenye tafakuri yako kwamba huyu anahitaji kazi zaidi, mkufunzi mwenye macho atakupa alama hapo.

Ubao_Mweusi
Mi ningekata swali jipya nibaki na kura, maana bila kumsikia aliyechagua ¼ ule utangulizi wote umebaki unaning'inia.

Mama_Wawili
Na fomu nyingine zina kisanduku kabisa cha "mwalimu ametoa muhtasari", asipousema kwa mdomo wake anakosa alama. Mwanachuo muulize mkufunzi wako kabla ya jioni ya kwanza.