Barua ya kuomba kazi studio ya gemu: useme umejifundisha mwenyewe, au unyamaze?

Muulizaji: Naomba kazi ya uprogramu kwenye studio ya gemu. Sina cheti, nimejifundisha mwenyewe. Nina prototaipu tatu ndogo, hakuna hata moja iliyokamilika. Hilo niliseme mwanzoni mwa barua au ninyamaze?

Mkaguzi: Liseme, ila kwa nusu sentensi. Barua hizi nazisoma kazini, na aya nzima ya kujitetea kuhusu shule hunichosha kabla sijafika kwenye kiungo cha gemu. Nafasi hiyo ipe prototaipu moja. "Nimetengeneza gemu ya kuruka majukwaa" hainiambii kitu. Afadhali hivi: "Wachezaji walilalamika kwamba kitufe cha kuruka hakiitiki wakifika ukingoni. Nikaruhusu mruko kwa sekunde 0.1 baada ya mguu kuacha jukwaa, malalamiko yakaisha." Hapo najua huwa unawatazama watu wakicheza. Na gemu ifunguke kwenye kivinjari. Faili la zip la mtu nisiyemjua silifungui.

Kobe: Mnampoteza. Studio inataka mtu anayemaliza kazi. Amalize moja kwanza, yenye menyu, sauti na kuhifadhi mchezo, ndipo aombe.

Mama Midundo: Kwani studio siku hizi zinataka barua? Mimi nilipeleka demo ya nyimbo mbili tu, wakaniita.

Muulizaji: Ya gemu, dada, si ya muziki.

Mkaguzi: Kobe, kwa timu ya watu watatu uko sawa, maana huko kila mtu hufanya kila kitu. Kwa nafasi ya kuprogramu uchezaji, menyu siiangalii. Naangalia kama kilichopo kimesimama. Juzi nilifungua prototaipu moja, mhusika akatoka mbio kama anafukuzwa na nyuki. Ndani kulikuwa na hii:

```
position.x += 4
```

Kwa skrini ya mwombaji, fremu 60 kwa sekunde, hizo ni pikseli 240. Kwangu ni fremu 144, kwa hiyo 576. Alitakiwa kuzidisha kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia:

```
position.x += 240 * delta
```

Na barua ilijisifu kwa "msimbo safi"! Jaribu kwenye mashine ya mtu mwingine kabla hujatuma.

Mchoraji: Mimi pia sikusomea. Kwenye usaili hawakuniuliza cheti, waliniuliza nani huwa anaikosoa kazi yangu. Kama kuna mtu aliwahi kukurekebishia msimbo, mtaje kwenye barua na useme ulibadilisha nini. Na kama michoro ni ya wengine, sema. Wasije wakaitambua wenyewe.

Muulizaji: Michoro si yangu, nitaandika. Prototaipu ya pili risasi zikienda kasi sana hupenya ukuta. Niitoe?

Mkaguzi: Kama huwezi kuirekebisha wiki hii, itoe. Mbili zinatosha.

Kobe: Mbili zisizokamilika.

Mchoraji: Mimi ningeiacha, na kwenye barua nieleze kwa nini zinapenya. Anayejua chanzo cha hitilafu yake si sawa na asiyeiona.