Msaada: mtihani wa takwimu, wastani au mediani? Nimekwama

Njiapanda_TZ: Habarini wakuu. Kuna mtoto wa dada yangu kidato cha tatu kapewa jedwali la marudio la mishahara ya watu 20 wa karakana moja, kwa maelfu ya shilingi kwa mwezi:

150 – watu 8
200 – watu 6
250 – watu 3
300 – watu 2
3000 – mtu 1

Ametakiwa atafute wastani, mediani na modi, halafu aseme ipi inafaa kueleza mshahara wa kawaida wa pale. Yeye kajibu mediani 200 akakoseshwa, jibu la mwalimu ni mediani 250 na kinachofaa ni wastani. Nani yuko sahihi?

Mama_Shani: Walimu wa siku hizi hawaandai somo, wako na simu tu. Enzi zetu ukikosea hesabu ulikuwa unaijua siku yako.

kaka_wa_ubungo: Modi ndo jibu, 150, maana ndo wengi wanalipwa hiyo. Mimi niliwahi kuambiwa mahali kwamba wastani wa mshahara ni laki tatu na kitu, nikaacha kibarua changu, mwisho wa mwezi nikashika laki na nusu. Kumbe bosi alijihesabu na yeye.

Hesabu_Mezani: Mtoto yuko sahihi kwenye mediani. Watu ni 20 kwa hiyo unamtafuta wa 10 na wa 11, sio safu ya katikati. Jumlisha marudio ukishuka: 8, halafu 14. Wa 10 na wa 11 wote wako ndani ya hiyo 14, yaani wanalipwa 200. Aliyepata 250 kaangalia safu ya tatu kati ya tano akasahau kwamba kila safu ina watu wake.

Njiapanda_TZ: Sawa ila mimi naona wastani bado ndo bora maana unatumia namba zote, mediani inaziacha. Kwenye makaratasi yote 42 ni wanne tu walioandika 200.

bintiKigamboni: Samahani, mtoto wa dada yako mmoja, makaratasi 42 umeyaonaje? Huu uzi wa kutunga. Au wewe ni mwanafunzi una mtihani kesho unataka majibu ya bure.

kaka_wa_ubungo: Hahaha kashikwa huyo.

Mama_Shani: Na mshahara wa 3000 karakana gani hiyo jamani, namba za kubuni hizo.

Njiapanda_TZ: Sio uongo wakuu. Basi niseme ukweli, mwalimu ni mimi. Namba nilizitunga mwenyewe, hiyo 3000 ni ya mwenye karakana. Mwongozo wa kusahihishia niliuandika usiku nikiwa nimechoka, makaratasi nimesharudisha na alama zimeshaenda kwa mtaaluma. Ndo maana nauliza kama naweza kuutetea wastani ili niache ilivyo.

Hesabu_Mezani: Mwalimu mwenzangu, pole. Wastani wenyewe upige vizuri kwanza: zidisha kila mshahara kwa watu wake, unapata 1200, 1200, 750, 600 na 3000, jumla 6750, gawa kwa 20 ni 337.5. Sasa mtafute pale karakana anayelipwa hiyo. Hayupo, watu 19 wako chini yake. Mpe mwenye karakana 350 badala ya 3000, wastani unashuka mpaka 205, mediani inabaki 200 ile ile. Mtu mmoja kauvuta wote. Data zenye mkia mrefu upande mmoja ziko hivyo. Ungeuliza karakana inahitaji shilingi ngapi kulipa mishahara hapo wastani una kazi, 337.5 mara 20 unarudi kwenye 6750. Ila wewe uliuliza mshahara wa kawaida.

kaka_wa_ubungo: Na modi je? Anayeanza kazi kesho atapewa 150, hatapewa 200.

Hesabu_Mezani: Hapo sikupingi sana, anayeitetea modi kwa sababu hiyo ningempa alama. Nisiyempa ni aliyeandika modi ni 8, hiyo ni idadi ya watu sio mshahara.

Njiapanda_TZ: Wapo kumi na moja walioandika 8, hao nilikosesha. Tatizo ni walioandika 250 nikawapa tiki, nikiwanyang'anya sasa wazazi watakuja juu.

bintiKigamboni: Usiwanyang'anye, kosa lilikuwa lako. Waongezee wale wanne tu.

Hesabu_Mezani: Mimi ningewapunguzia, maana wataibeba hiyo 250 mpaka mtihani wa taifa. Nenda kwa mtaaluma na jedwali lako mkononi kabla hajafunga alama.

Njiapanda_TZ: Anafunga Ijumaa. Kesho asubuhi naanza na darasa, nitawasimamisha watu 20 mstari mmoja kila mmoja ashike mshahara wake, tumtafute wa 10 na wa 11. Habari ya tiki bado sijaamua.