Dumu la pili

UKOO WA BIBI, KASULU
Jumapili

[20:06] Joyce: Shikamooni wakubwa. Jamani, kila aliyekunywa jana kwenye arobaini ajitokeze. Baba Mdogo aliamka salama, mchana kala ugali wake vizuri. Sasa hivi anasema taa ya sola imefunikwa na ukungu mweupe. Sura yangu haioni.

[20:07] Shangazi Skola: Uchovu huo mwanangu. Mtu hajalala siku tatu. Mpe maziwa.

[20:08] Kelvin: Mimi nipo Dar na macho yananiwasha tangu jana, na nilipiga bia mbili tu. Au ni vumbi?

[20:08] Joyce: Kelvin, hapa kuna mtu haoni.

[20:11] Neema: Joyce, anahemaje?

[20:13] Joyce: Mbio mbio, kama anapanda kilima na gunia, na yuko kitandani. Tumbo linamuuma, katapika mara mbili. Nimemmulika tochi, mboni kubwa na hazisinyai.

[20:14] Neema: Alikunywa nini, tangu saa ngapi?

[20:15] Joyce: Gongo, kuanzia saa 2 usiku. Dumu la kwanza, lile la ndizi la jirani, liliisha mapema. La pili likaja kwa pikipiki. Aliyeliagiza mpaka sasa hajulikani, kila mtu anamtaja mwenzake.

[20:18] Mjomba Tito: Hilo la pili nililipima mwenyewe. Nilitia kidogo kwenye kifuniko nikawasha kiberiti, moto ukatoka wa bluu. Gongo safi. Kosa liko kwenye la kwanza, yule mama hakumwaga kichwa, ile inayotangulia kutoka kwenye mrija.

[20:22] Neema: Shikamoo Mjomba. Kichwa kumwagwa ni sawa, ila ndizi hutoa methanoli, ile pombe yenye sumu, kidogo sana, si ya kumpofusha mtu hivi. Na kiberiti hakitenganishi kitu, methanoli nayo huwaka bluu. Ladha haikuambii, ulevi nao ni ule ule. Mimi nashuku dumu la pili halikupikwa. Hiyo ni spiriti ya viwandani, mtu kaizimua kwa maji.

[20:23] Shangazi Skola: Sumu gani inamwacha mtu alale, aamke, ale ugali?

[20:26] Neema: Hii hapa. Ikiingia haina kishindo. Ini ndilo linaigeuza polepole kuwa asidi, na hiyo asidi ndiyo inapiga mishipa ya macho na kumhemesha vile. Mara nyingi ni baada ya saa 12 hadi 24 ndipo mtu anaanza kuumwa. Hesabuni tangu jana saa 2.

[20:28] Mjomba Tito: Basi mimi nimepona. Nilionja glasi moja tu ya dumu hilo, halafu pombe ya kawaida ya ndizi, si gongo, mpaka alfajiri.

[20:29] Neema: Mjomba, hapo ndipo umenitisha. Ini likikuta pombe ya kawaida linaianza hiyo, methanoli inasubiri zamu. Umecheleweshwa. Pandeni gari moja na Baba Mdogo.

[20:30] Shangazi Skola: Kumbe pombe inazuia! Tumnyweshe ya ndizi njiani?

[20:32] Neema: Hapana Shangazi. Hospitali wanaweza kutoa pombe kama dawa, au dawa yake yenyewe wakiwa nayo, lakini kwa kipimo na wakimwangalia. Mkimnywesha nyinyi anavyohema hivyo, itamwingia kwenye mapafu. Maziwa nayo hayafanyi kitu.

[20:41] Joyce: Gari limepatikana. Mjomba hapandi, anaogopa polisi.

[20:42] Neema: Tamkeni "gongo" pale mlangoni. Mkisema homa, watahangaika na malaria huku macho yanakwenda. Na lichukueni hilo dumu.

[22:37] Joyce: Tupo wodini. Kawekewa dripu ya kupunguza asidi, daktari anapiga simu kuuliza wapi pana mashine ya kusafisha damu. Baba Mdogo ameniuliza umeme umekatika saa ngapi. Taa zote zinawaka.

[22:38] Kelvin: Ataona tena?

[22:40] Neema: Wengine huona tena, wengine hapana. Leo hakuna wa kukujibu.

[22:44] Mjomba Tito: Nimekuja kwa bodaboda. Wamenitoa damu. Joyce, hili dumu mbona lina robo? Usiku wa manane nililiacha nusu.

[22:47] Shangazi Skola: Asubuhi nilimjazia yule kijana wa pikipiki chupa ya maji ya lita moja na nusu. Alitubebea viti, sikuwa na hela ya kumpa.

[22:47] Neema: Anakaa wapi??

[22:48] Shangazi Skola: Makere. Namba yake ninayo, napiga.

[22:51] Shangazi Skola: Kapokea mkewe. Anasema mumewe kalala tangu mchana, kakataza asiamshwe.

[22:51] Neema: Amwamshe.