Transfoma ya 1600 kVA: nichukue impidansi ya 6% au ya 8%?

Mkondo_Mzito

Wakuu, naomba macho yenu kabla sijasaini oda. Tunatoa transfoma ya 1000 kVA na kuweka ya 1600 kVA, 11 kV kwenda 400 V. Bodi kuu ya upande wa chini inabaki ileile. Breka zake zimeandikwa 36 kA, na basiba zake zinahimili 35 kA kwa sekunde moja.

Nina ofa mbili mezani. Moja ina impidansi ya 6%, nyingine 8%, na zote zina hasara ya 16 kW kwenye mzigo kamili. Siku ya kawaida tunavuta kama 900 kVA kwa pawa fakta ya 0.9. Kuna pia mota ya pampu ya 250 kW inayowashwa moja kwa moja kwenye laini, nayo huvuta karibu 2800 A inapoanza. Upande wa 11 kV tumepewa kiwango cha shoti cha 250 MVA.

Mkondo kamili wa transfoma ni 2309 A. Nikigawanya kwa 0.06 napata 38.5 kA, nikigawanya kwa 0.08 napata 28.9 kA. Kwa shoti, basi, 8% ndiyo inayonipa usingizi. Ila volti inanitia hofu: 8% ya 400 ni 32 V. Mota zangu zitakubali kuishi na 368 V mchana kutwa?

Nyaya3

Chukua 6% kaka, usijitese. Umeihesabu shoti kana kwamba laini ya 11 kV haina ukinzani wowote. 250 MVA ukiileta kwenye msingi wa 1600 kVA ni 0.64%. Jumlisha na 6 upate 6.64%, na mkondo unashuka hadi 34.8 kA. Uko chini ya 35, umepita. Ya 8% itakula volti zako 8% kila siku ili kukukinga na shoti ambayo pengine haitatokea. Na hata kwenye hiyo 6%, ukiona volti imelegea, pandisha tepu hatua moja ya 2.5%, umemaliza.

Bi_Saketi

Nyaya3, kuhesabu laini ya juu umefanya vizuri, wengi huisahau. Lakini mambo mawili hapo yanaweza kumponza mwenzetu.

Kwanza, impidansi ya 8% haina maana kwamba volti itashuka 8%. Ingeshuka hivyo kama mkondo wa mzigo ungekuwa umechelewa sawasawa na transfoma yenyewe, na hakuna kiwanda cha namna hiyo. Hasara ya 16 kW juu ya 1600 kVA ni 1% tu ya ukinzani halisi. Karibu yote inayobaki ni riaktansi: 5.92% kwenye ile ya 6%, na 7.94% kwenye ile ya 8%. Mzigo wenye pawa fakta nzuri hauigusi sana riaktansi hiyo. Nimepiga hesabu ya mzigo kamili wa 1600 kVA. Kwa pawa fakta ya 0.95, transfoma ya 6% inashusha volti 2.9% na ya 8% inashusha 3.7%. Kwa 0.8 ni 4.4% dhidi ya 5.7%. Kwa hiyo, Mkondo_Mzito, zile 32 V zako hazipo. Kwa mzigo wako wa 900 kVA tofauti kati ya ofa hizi mbili ni nusu asilimia, yaani kama 2 V.

La pili ndilo linalonikosesha raha. Hiyo 34.8 kA inasimama iwapo transfoma itakuja na 6% kamili. IEC 60076-1 inamruhusu mtengenezaji kukosea 10% juu au chini kwa impidansi iliyo chini ya 10%. Anaweza kukuletea 5.4% na huna la kumdai. Weka 5.4 badala ya 6: jumla inakuwa 6.04%, mkondo unakuwa 38.2 kA, na basiba zako zimekwisha pitwa. Kisha ongeza mota ya 250 kW. Shoti ikitokea kwenye bodi, mota hiyo inayozunguka inageuka jenereta kwa mizunguko michache na kurudisha mkondo unaokaribia ule wa kuanzia, karibu 2.8 kA. Hata ukiletewa 6% kamili, 34.8 na 2.8 ni 37.6. Breka ya 36 nayo imepitwa.

Kipimo_Kwanza

Hilo la kukosea si la vitabuni tu. Niliwahi kusimama kwenye chumba cha majaribio tukipokea transfoma ya 11 kV iliyoagizwa kwa 6%. Upande wa chini ulifungwa kwa vipande vya shaba, upande wa juu tukawa tunapandisha volti taratibu hadi ampea zifike kiwango cha bamba. Kwa 6% mita ilitakiwa kusoma 660 V. Sindano ilisimama 607. Hiyo ni 5.52%, na kwa viwango ni halali kabisa, cheti kikasainiwa.

Aliyechagua breka alikuwa ametumia 6% ya kwenye oda. Ilibidi hesabu zote za bodi zirudiwe huku transfoma imeshapanda lori. Tangu hapo sikubali hesabu ya shoti inayotumia namba ya kwenye oda. Kabla ya jaribio natumia namba ya chini kabisa inayoruhusiwa, na baada ya jaribio natumia ya kwenye cheti.

fundi_zamu

Mimi naomba mwangalie suala la kugawana mzigo. Kwetu zilifungwa mbili za 1000 kVA sambamba, moja 5% na nyingine 6%. Ile ya 5% ndiyo iliyokuwa inaungua jasho. Mzigo ukifika 2000 kVA, yenyewe inabeba karibu 1090 na mwenzake 910. Mafuta yake yalikuwa moto muda wote na hatukuelewa sababu hadi mtu aliposoma mabamba yote mawili. Kwa hiyo ndugu, ile 1000 ya zamani na hii mpya lazima zifanane asilimia.

Mkondo_Mzito

Asante fundi_zamu, ila ya zamani inaondoka kabisa, hazitafanya kazi pamoja. Nimeliandika hata hivyo, maana kuna mazungumzo ya kuongeza ya pili miaka ijayo. Nikichukua 8% leo, ya pili nayo itabidi iwe 8%.

Bi_Saketi, nimeelewa kuhusu mzigo wa kawaida. Je, mota inapoanza? Hapo pawa fakta ni mbaya sana, nilipima kama 0.25.

Bi_Saketi

Hapo ndipo 8% inapodai malipo yake, na umeuliza mahali penyewe hasa. Mkondo wa 2800 A ni mara 1.21 ya mkondo kamili wa transfoma, na karibu wote unapita kwenye riaktansi. Kwa 6%, mota peke yake inashusha volti kama 8%, nikijumlisha na laini ya juu. Kwa 8% inashusha 10.4%. Juu yake weka mzigo wako wa 900 kVA, unaokula kama 2.1% au 2.6%. Bodi itashuka takriban 10% kwa transfoma ya kwanza na 13% kwa ya pili, kwa muda wote mota inapopanda mwendo.

Kontakta nzuri hazitaachia kwa 87% ya volti. Ila nguvu ya kuzungusha ya mota hufuata volti kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kwenye 87% inabaki robo tatu tu. Pampu inayoanza na vali imefungwa itavumilia. Yako inaanzaje?

Mkondo_Mzito

Vali iko wazi, na bomba limejaa maji hadi juu. Hata kwa transfoma ya sasa inachukua sekunde 9 kufika mwendo wake, na taa za ofisini zinafifia kabisa.

Nimewaza njia ya tatu: transfoma mbili za 800 kVA, kila moja na basiba zake, kiungo cha katikati kikiwa wazi. Kwa 6% kila moja inatoa 19.2 kA tu.

Nyaya3

Hiyo nimeipenda. Na ile ya kukosea 10% nakubali, sikuwa nimeiweka kwenye hesabu.

Bi_Saketi

Kwa shoti ni safi, ila angalia mota. Kwa transfoma ya 800, mkondo uleule wa kuanzia ni mara 2.42 ya mkondo wake kamili. Transfoma peke yake itashuka zaidi ya 14% kwa 6%, kabla hujaweka laini ya juu wala mzigo mwingine. Utakuwa umeikinga bodi dhidi ya shoti, ila umeipa pampu volti mbaya kuliko ofa ya 8%. Na siku mtu akifunga kile kiungo cha katikati huku zote mbili zinafanya kazi, shoti inarudi karibu na pale ulipoikimbia. Ingehitajika kufuli ya kuzuia jambo hilo.

Kwangu mimi, chukua 8% na uipe pampu softi stata. Ukiizuia isivuke mara 3.5 ya mkondo wa mota, inavuta kama 1500 A, na bodi nzima inashuka takriban 8% pamoja na mzigo wa kawaida. Hiyo ni nafuu kuliko 6% ukiwasha moja kwa moja. Shoti, hata transfoma ikija na 7.2%, ni 29.5 kA. Ongeza 2.8 ya mota ufike 32.3. Tepu ukiipandisha hatua moja, kumbuka mkondo wa shoti nao unapanda kwa karibu 2.5%. Bado uko ndani ya 35.

Kipimo_Kwanza

Nakubali upande wa shoti, lakini softi stata inapunguza volti ya mota, na nguvu inaanguka pamoja nayo. Kwa pampu yenye vali wazi inayochukua sekunde 9 tayari, mara 3.5 huenda isitoshe kuifikisha mwendo kamili. Itakwama katikati ikichemka. Ningeangalia kwanza kama vali inaweza kufungwa wakati wa kuanza. Isipowezekana, mimi ningechukua 6% na kubadilisha bodi iwe ya 50 kA. Breka peke yake hazitoshi, kwa sababu basiba na vishikizo vyake ndivyo vitakavyopinda.

Bi_Saketi

Kuhusu vali uko sahihi, hilo lipimwe. Kubadilisha bodi nzima mimi ningeiweka mwisho kabisa, kwa sababu kiwanda kinasimama.

Mkondo_Mzito

Vali ina mota yake ndogo, ila iliunganishwa ifunguke kabla ya pampu kuanza. Kesho nitaomba tuiwashe ikiwa imefungwa na nipime sekunde na ampea. Wakati huohuo nimemwandikia muuzaji wa ile ya 8%, nimemtaka aweke kwenye mkataba kwamba impidansi haitapungua 7.5%. Akijibu nitaleta hapa pamoja na vipimo vya pampu.